Kwa Nini Setilaiti Hufika Kilimanjaro Saa Ileile

Kila baada ya siku 16, setilaiti ya Landsat 8 hupita juu ya Mlima Kilimanjaro ikitokea kaskazini na kuupiga picha kutoka kimo cha kilometa 705. Inapofika, saa za Moshi huwa zinakaribia saa nne na dakika arobaini asubuhi. Ikirudi baada ya siku 16, huwa saa hiyohiyo, na mwakani vilevile. Setilaiti hiyo ilirushwa Februari 2013, na tangu hapo haijaacha ratiba yake. Wanaofuatilia barafu ya Kibo wanaitegemea sana ratiba hiyo, kwa sababu picha mbili za Februari, za miaka tofauti, huwa na jua upande uleule na vivuli vya urefu uleule. Kama barafu imepungua, tofauti inayoonekana ni ya barafu, si ya kivuli.

Ratiba hiyo si rahisi kama inavyoonekana. Njia ya setilaiti ni kama pete kubwa iliyoivaa Dunia, ikipita karibu na ncha zote mbili. Dunia nayo inalizunguka Jua kwa mwaka mzima. Pete ingebaki imeelekea upande mmoja wa nyota bila kugeuka, baada ya miezi mitatu Jua lingekuwa limehamia robo ya duara, na setilaiti iliyokuwa ikipita saa nne asubuhi ingepita saa kumi alfajiri, gizani. Ili isichelewe wala kuwahi, pete lazima igeuke kuelekea mashariki kwa nyuzi 0.9856 kila siku, yaani nyuzi 360 kwa mwaka mmoja.

Hakuna injini inayofanya kazi hiyo. Injini ndogo za Landsat hutumika kwa marekebisho madogo tu. Kinachoigeuza pete ni kitambi cha Dunia.

Dunia si tufe kamili. Kutoka katikati yake hadi Ikweta ni kilometa 6,378.1, lakini hadi ncha ni kilometa 6,356.8. Tofauti ni kilometa 21 na ushee. Mzunguko wa Dunia katika mhimili wake ndio uliotuna sehemu ya kati. Mtu akitazama picha ya Dunia nzima hawezi kukiona kitambi hicho kwa macho, ila setilaiti inakihisi katika kila mzunguko wake wa takriban dakika 99.

Swali ni hili: mvutano wa Dunia yenye kitambi ukoje huko nje, kilometa 705 juu ya ardhi? Newton alitoa kanuni ya mvutano kati ya vitu viwili. Lakini Dunia haiwezi kupimwa chembe kwa chembe, kisha mvutano wa kila chembe ukajumlishwa. Njia iliyofaa zaidi ilipatikana Paris katika miaka ya 1780, kwa kazi za Pierre-Simon Laplace na Adrien-Marie Legendre.

Badala ya kushika nguvu yenyewe, yenye ukubwa na mwelekeo, walishika namba moja kwa kila mahali angani. Namba hiyo huitwa potenshali. Inaweza kufikiriwa kama kimo cha mlima: ukijua kimo cha kila mahali, umejua pia jiwe litabingirikia wapi na kwa kasi gani, kwa kuwa mteremko unajionyesha wenyewe. Nguvu ya mvutano ni mteremko wa potenshali.

Sasa, mahali pasipo na maada, potenshali ya mvutano isiyobadilika kwa wakati hutii sharti moja. Chukua nukta yoyote angani, izungushie tufe la kufikirika lisilo na kitu ndani yake, kisha tafuta wastani wa potenshali katika uso wote wa tufe hilo. Wastani huo utakuwa sawasawa na potenshali ya nukta ya katikati. Ukiandikwa kwa lugha ya hesabu, huo ndio mlinganyo wa Laplace. Hauhitaji kujua chochote kuhusu miamba, chuma wala maji yaliyo ndani ya Dunia. Unadai tu kwamba huku nje pasiwe na bonde wala kilele kilichojizukia chenyewe.

Dunia ina upole mwingine wa kusaidia. Kitambi chake kimeizunguka Ikweta karibu sawasawa, kama kilivyo chungu kilichofinyangwa vizuri: ukikizungusha katika mhimili wake huoni tofauti. Kwa hiyo longitudo inaweza kuwekwa kando. Aliye juu ya Kenya na aliye juu ya Ekuado, wote wakiwa juu ya Ikweta na umbali uleule kutoka katikati ya Dunia, wana potenshali ileile. Vinavyobaki ni vitu viwili tu: umbali kutoka katikati, ambao huandikwa r, na latitudo. Latitudo yenyewe hufaa zaidi ikiandikwa kwa saini yake, x. Kwenye Ikweta x ni 0, ncha ya kaskazini ni 1, na ncha ya kusini ni −1.

Hapo ndipo inapokuja hatua ya kutenganisha. Tuseme potenshali ni zao la vipande viwili, kimoja kinajua umbali peke yake na kingine kinajua latitudo peke yake. Ukiingiza zao hilo katika mlinganyo wa Laplace na kupanga pande mbili, upande mmoja unabaki na umbali tu na mwingine na latitudo tu. Pande hizo lazima ziwe sawa daima. Lakini mtu anaweza kupanda juu bila kubadili latitudo, na anaweza kwenda kaskazini bila kubadili umbali. Upande wa umbali haubadiliki unapoigusa latitudo, na wa latitudo haubadiliki unapougusa umbali. Basi pande zote mbili ni sawa na namba moja isiyobadilika. Namba hiyo tuiite k.

Mlinganyo wa latitudo unaobaki huitwa mlinganyo wa Legendre:

(1 − x²)B″ − 2xB′ + kB = 0

B ni kipande cha latitudo, B′ ni kasi ya badiliko lake, na B″ ni kasi ya badiliko la hiyo kasi. Kwa mtazamo wa kwanza k ingeweza kuwa namba yoyote. Lakini ncha mbili za Dunia hazikubali.

Ili kuliona hilo, andika B kama mfululizo: namba, pamoja na namba mara x², pamoja na namba mara x⁴, na kuendelea. Anza na 1. Mlinganyo wenyewe unatoa kanuni ya kupata namba inayofuata: ukiwa umefika kwenye x yenye kipeo n, chukua n(n + 1), toa k, gawanya kwa (n + 1)(n + 2), kisha zidisha kwa namba uliyonayo.

Jaribu kwanza k = 5. Kipeo 0 kinatoa (0 − 5) ÷ 2, yaani −2.5, nayo ndiyo namba ya x². Kipeo 2 kinatoa (6 − 5) ÷ 12, zidisha kwa −2.5, unapata −0.208. Kipeo 4 kinatoa (20 − 5) ÷ 30, yaani nusu, unapata −0.104. Inayofuata ni −0.069, kisha −0.051. Namba zinapungua, lakini zinapungua polepole mno, na zote ni hasi. Katikati ya latitudo hakuna tatizo, kwa sababu vipeo vya x vinazipunguza zaidi. Kwenye ncha, ambako x ni 1, hakuna kinachozipunguza. Ukiendelea kuzijumlisha jumla inazidi kushuka bila kikomo. Maana yake ni kwamba potenshali juu ya ncha ya kaskazini ingekuwa haina mwisho. Ndege zimepita hapo, setilaiti zinapita hapo kila siku, na hakuna iliyokuta kitu kama hicho.

Jaribu sasa k = 6. Kipeo 0 kinatoa (0 − 6) ÷ 2, yaani −3. Kipeo 2 kinatoa (6 − 6) ÷ 12, yaani sifuri. Mfululizo umekatika. Kilichobaki ni 1 − 3x², na kwenye ncha thamani yake ni −2, namba ya kawaida kabisa.

Hilo ndilo jambo zima. Mfululizo hukatika pale tu k inapokuwa zao la namba nzima na ile inayoifuata: 0 × 1, 1 × 2, 2 × 3, 3 × 4, na kuendelea. Ukikatika, B si mfululizo tena bali ni polinomia fupi. Kwa desturi kila polinomia huzidishwa kwa namba inayoifanya iwe 1 kwenye ncha ya kaskazini. Hivyo 1 − 3x² hugeuka kuwa:

P₂ = (3x² − 1) ÷ 2

Msomaji anaweza kuihakiki kwa mkono. Kasi ya badiliko lake ni 3x, na kasi ya hiyo kasi ni 3. Ukiyatia katika mlinganyo pamoja na k = 6 unapata 3 − 3x² − 6x² + 9x² − 3, na jumla ni sifuri. Polinomia za ukoo huu huitwa kwa jina la Legendre, aliyezichapa mwaka 1785 katika kazi yake kuhusu mvutano wa maumbo yaliyobonyea kama Dunia.

Kipande cha umbali nacho hujibiwa na k hiyohiyo. Kwa k = 6 kuna majibu mawili: r² na 1/r³. La kwanza linakua kadiri mtu anavyokwenda mbali, jambo lisilowezekana kwa mvutano wa Dunia, kwa hiyo linaachwa. Linabaki la pili. Kwa k = 0 linabaki 1/r, ambalo ni mvutano wa tufe kamili kama Newton alivyoueleza. Kwa k = 2 ingebaki 1/r², lakini ukiweka kituo cha hesabu katikati ya uzito wa Dunia, kipande hicho hutoweka chenyewe. Kikijitokeza katika matokeo, ni dalili kwamba kituo kimewekwa kando.

Basi kitambi chote, kwa sehemu yake kubwa, kimeingia katika P₂ na namba moja ya kupima. Namba hiyo huandikwa J₂, na kwa Dunia ni 0.00108263. Inasema kwamba karibu na ardhi, sehemu ya kitambi ni kama moja ya elfu ya sehemu kuu. Na kwa kuwa inafifia kwa 1/r³ wakati sehemu kuu inafifia kwa 1/r, kila unapoenda mara mbili ya umbali, uzito wa kitambi ukilinganishwa na sehemu kuu unabaki robo. Kwenye setilaiti za matangazo ya televisheni, kilometa 42,164 kutoka katikati ya Dunia, sehemu hiyo imebaki kama 25 kwa milioni. Kwenye Mwezi imebaki kama 3 kwa milioni kumi. Kadiri mtu anavyokwenda mbali, Dunia inazidi kuonekana tufe.

P₂ ni nusu hasi kwenye Ikweta na 1 kwenye ncha. Katikati, kwenye latitudo ya nyuzi 35.26, ni sifuri. Mstari huo hupita karibu na kisiwa cha Krete upande wa kaskazini, na karibu na Canberra upande wa kusini. Juu ya miji ya huko, sehemu hii ya kitambi haiongezi wala haipunguzi potenshali.

Hapa wengi hukwama. Shuleni walifundishwa kwamba kitu huwa kizito zaidi kwenye ncha kuliko Ikweta, na sasa wanaambiwa potenshali ya mvutano ni kubwa zaidi juu ya Ikweta. Yote mawili ni kweli. Anayesimama kwenye ncha yuko karibu zaidi na katikati ya Dunia, na harushwi na mzunguko wake. Polinomia inalinganisha mahali penye umbali uleule kutoka katikati, na kwa umbali uleule aliye juu ya Ikweta ana kitambi karibu naye.

Sasa turudi kwenye pete ya Landsat. Setilaiti ikiwa kaskazini, kitambi kinaivuta kidogo kuelekea Ikweta. Ikiwa kusini, kinaivuta vilevile. Pete nzima inasukumwa ilale juu ya Ikweta. Lakini pete hiyo ina mwendo, na kitu kinachozunguka hakianguki upande kinakosukumwa. Watoto wanaocheza pia wanalijua hilo: pia iliyoinama haianguki wakati bado ina kasi, bali mhimili wake unazunguka taratibu. Pete ya setilaiti hufanya hivyohivyo, mahali inapokata Ikweta panasogea.

Kasi ya kusogea, kwa njia ya duara, hutoka kwenye P₂ moja kwa moja. Kwa Dunia ni nyuzi 9.96 kwa siku, gawanya kwa uwiano wa r na nusu-kipenyo cha Dunia uliopandishwa kipeo 3.5, kisha zidisha kwa kosaini ya mwinamo wa pete, na geuza alama. Kwa Landsat, r ni 6,378 jumlisha 705, yaani kilometa 7,083. Uwiano ni 1.1105, na kipeo chake 3.5 ni 1.443. Ukigawanya 9.96 kwa hiyo unapata nyuzi 6.90 kwa siku. Kinachotakiwa ni 0.9856 kuelekea mashariki, kwa hiyo kosaini ya mwinamo lazima iwe −0.9856 ÷ 6.90, yaani −0.1428. Mwinamo wenye kosaini hiyo ni nyuzi 98.2. Ndio mwinamo wa Landsat 8 na wa mwenzake Landsat 9.

Alama hasi ndiyo inayoeleza kwa nini setilaiti za aina hii huipita ncha na kuinamia upande wa pili. Pete yenye mwinamo chini ya nyuzi 90 husogea kuelekea magharibi. Mfano uko karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, jukwaa la San Marco lililo baharini lilirusha setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei ya angani, ikaitwa Uhuru. Mwinamo wake ulikuwa nyuzi 3 tu, na kimo chake kama kilometa 540. Kwa hesabu ileile, pete yake ilisogea magharibi kwa nyuzi 7.5 kila siku, ikamaliza duara zima katika siku 48.

Hesabu hii ina mitego. Mmoja ni kutumia kosaini ya latitudo mahali pa saini. Dalili yake ni wastani: P₂ ikijumlishwa katika uso wote wa tufe lazima itoe sifuri, kwa kuwa uzito wote wa Dunia umeshahesabiwa katika kipande cha kwanza. Aliyekosea hupata nusu.

Mtego mwingine umo kwenye majedwali. Mengi hayaandiki J₂ yenyewe bali namba iliyosawazishwa, −0.000484165, ambayo huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 5 na kugeuzwa alama ndipo J₂ ipatikane. Anayesahau hatua hiyo atapata mwinamo wa nyuzi 108.6 badala ya 98.2. Setilaiti ikirushwa hivyo, pete yake itatangulia kwa nyuzi 1.2 zaidi kila siku, na saa ya kupita itasogea mbele karibu dakika tano kwa siku. Baada ya mwezi ingepita Kilimanjaro mchana badala ya asubuhi.

Njia yenyewe pia ina mipaka. Inafanya kazi nje ya maada tu, na mfululizo wake una uhakika nje ya tufe linaloimeza Dunia yote. Ndani ya mgodi au chini ya bahari haifai. Tena ulinganifu wa Dunia katika mhimili si kamili, maana Ikweta yenyewe si duara safi. Setilaiti za televisheni zinaionja kasoro hiyo. Zisiporekebishwa, huvutwa taratibu kuelekea longitudo mbili tulivu, na moja yake ni karibu nyuzi 75 mashariki, juu ya Bahari ya Hindi, jirani na Maldivi. Hapo longitudo inabidi irudishwe kwenye hesabu.

Anayetaka kujionea anaweza. Picha za Landsat hutolewa bure, na kila picha huja na faili lake la maelezo lenye mstari ulioandikwa `SCENE_CENTER_TIME`. Pakua picha kadhaa za Kilimanjaro za Landsat 8, za miaka tofauti, na usome mstari huo. Utakuta zote zinakaribia 07:40 kwa saa za UTC, ambayo Moshi ni saa nne na dakika arobaini asubuhi. Saa ya jua mlimani hapo ni kama nusu saa nyuma ya saa ya ukutani, kwa kuwa saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 na mlima uko kwenye nyuzi 37.4.